Rejesho la Ramadhani

Mwalimu mstaafu Kornelio wa Boko alikuwa na magonjwa mawili: kisukari, ambacho alikimezea vidonge, na Kiingereza, ambacho hakina kidonge. Alikifundisha zaidi ya miaka thelathini katika shule za bweni, mahali ambapo watoto walikariri habari za theluji huku jasho likiwatiririka, na alipostaafu akakihamishia kwenye kibanda cha stesheneri kando ya barabara ya Bagamoyo. Kibao chake kilitangaza kwa rangi nyekundu: KOPI, PICHA ZA PASIPOTI, KULAMINETI, TAFSIRI ZA KISHERIA NA KITAALAMU. Kopi zilimlisha. Picha zilimlipia umeme. Tafsiri zilikilisha kichwa chake, nacho kilinenepa sana.

Siku Bi Mwanakombo alipokuja na mkataba wa benki, mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwa wanaomjua, hiyo ilikuwa sawa na kengele ya kanisa.

Bi Mwanakombo alikuwa mjane, mzaliwa wa Boko, wa Boko ile ya kabla ya mageti na mbwa wakali. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli. Ukioa, ukizika au ukimaliza khitma kati ya Bunju na Tegeta, makalio ya wageni wako yalikuwa chini ya himaya yake. Lakini maharusi wa siku hizi walikuwa wameingiwa na kiburi. Hawakutaka tena viti vya plastiki vilivyopauka, walitaka viti vyenye mashuka na riboni nyuma. Kwa hiyo bibi alitaka mkopo wa shilingi milioni kumi na mbili, na benki moja ya pale Mwenge ilikuwa tayari kumpa, ikishika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambayo hati yake ilikuwa na jina lake lakini vyumba vyake vilikuwa na wadogo zake.

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Benki ilitaka, kabla bibi hajatia sahihi, mtu anayejua lugha zote mbili amsomee, amfafanulie, kisha naye asaini mwishoni kwamba amefanya hivyo na mkopaji ameelewa kila kifungu. Mwalimu alibaki nao usiku mmoja akiutafsiri, na kesho yake wakaketi kibandani kuusoma.

"Hapa wameandikaje?" aliuliza Bi Mwanakombo, akigusa mstari kwa kidole chenye hina.

"Dhamana."

"Dhamana si ya polisi hiyo?"

"Ni mtu na nduguye. Ya polisi unaweka jirani ili wewe utoke. Ya benki unaweka nyumba ili pesa itoke. Usipofika mahakamani wanamsumbua jirani. Usipolipa huku wanaiuza nyumba, wanachukua chao, kinachobaki wanakurudishia."

"Na hapa?"

Mwalimu alikohoa. "Kiwango cha riba."

Bi Mwanakombo aliurudisha mkono wake mapajani. "Mwalimu, hilo neno kwetu zito. Huwezi kuandika faida? Au gharama za huduma?"

"Naweza. Ila Mungu naye anasoma Kiingereza, bibi."

Bibi alicheka bila kutaka, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Haya, andika hivyo hivyo. Nitamwomba msamaha kwa Kiswahili. Ni ngapi?"

"Asilimia tatu kwa mwezi."

Uso wake ulichanua. "Tatu tu? Kwenye kikoba chetu tunatozana kumi."

Hapo mwalimu alinyoosha mgongo, kwa maana ndipo alipokuwa anapangojea. Hapo ndipo nusu ya jiji hukosea, alieleza. Kumi ya kikoba inatozwa mara moja, ukope ulipe, basi. Tatu ya benki inarudi kila mwezi kama bili ya maji. Miezi kumi na mbili, tatu kila mwezi, ni thelathini na sita katika kila mia.

"Sasa sikiliza, kuna riba za namna mbili. Wewe unakodisha viti. Tuseme nimechukua kwako viti kumi na viwili, na kila mwezi nakurudishia kimoja. Mwezi wa pili utanitoza vingapi?"

"Kumi na kimoja. Kile kimoja si nimeshakiona kwangu?"

"Hiyo ndiyo riba inayopungua. Unatozwa kwa deni lililobaki. Hawa wa kwako wanatumia riba isiyopungua. Mwezi wa kwanza wanakutoza viti kumi na viwili, mwezi wa mwisho, umebaki na kimoja sebuleni, bado wanakutoza vyote kumi na viwili."

Bi Mwanakombo aliguna. "Mie mteja nikimfanyia hivyo atanipeleka kwa mjumbe."

"Na mjumbe atakuuliza kama ulimwambia mapema. Wao wanakwambia, hii hapa."

Akageuza karatasi ya kopi iliyoharibika, akapiga hesabu upande mweupe. Milioni kumi na mbili ukigawa kwa miezi kumi na mbili ni milioni moja ya mtaji kila mwezi. Asilimia tatu ya milioni kumi na mbili ni laki tatu na sitini elfu, ya riba, kila mwezi bila kupungua. Jumla rejesho ni milioni moja laki tatu na sitini. Kwa mwaka riba ni milioni nne laki tatu na ishirini. Ingekuwa riba ya kupungua, ingeanza na laki tatu na sitini, ikashuka elfu thelathini kila mwezi hadi elfu thelathini, na jumla ingekuwa milioni mbili laki tatu na arobaini. Tena asisahau, ada ya kuandaa mkopo ni asilimia mbili, wanaikata palepale dirishani. Atasaini milioni kumi na mbili, atatoka na kumi na moja laki saba na sitini.

Bibi aliitazama ile karatasi muda mrefu. Hesabu ya pesa haikumpa taabu, alikuwa akizihesabu tangu mumewe yuko hai. Viti vipya mia tatu, harusi nne kwa mwezi. Inalipa, alisema. Kwa shida, lakini inalipa. Na alikuwa sahihi.

Laiti mambo yangeishia hapo, mwalimu Kornelio angekufa akiwa mtu mwenye furaha.

Lakini mkataba ulikuwa na kurasa tisa, na walikuwa wamefika ya sita. Mlangoni palikuwa na foleni ya vijana wanaoomba vyuo, kila mmoja na vyeti vyake vya kutolewa kopi, wakipiga miluzi kama walio kwenye mstari wa chakula siku ya wali. Na mwalimu alikuwa ametoka kushinda. Alikuwa ameishika riba kwa pembe na kuilaza chini mbele ya mashahidi. Mtu akishashinda hivyo, vifungu vinavyofuata humwonekea vidogo.

Kifungu cha kumi na nne kilikuwa na mistari miwili. Aliwahi kukitafsiri usiku wa jana yake na alijipongeza kwa hilo. Sasa akakisoma kwa sauti ya kipaimara: "Malipo ya kitangulizi yataelekezwa katika marejesho kwa mpangilio kinyume cha ukomavu wake, na hayataathiri wajibu unaofuata."

"Maneno mazuri," alisema Bi Mwanakombo kwa heshima.

"Ni lugha ya sheria hiyo."

"Yana maana gani?"

"Kwamba ukitaka kulipa mapema, wanapokea," alisema mwalimu, akafunua ukurasa.

Hakudanganya kwa makusudi. Aliamini hivyo. Aliyajua yale maneno moja moja, kama mtu anayewajua wanafunzi wote kwa majina na asijue kwamba bweni linaungua. Wakamaliza, akasaini mahali pa mfasiri, sahihi ndefu yenye mkia, na bibi akasaini kwake. Mdogo wake, Suleiman, fundi magari wa Boko Magengeni, alikuja akasaini ridhaa ya familia huku akinuka oili. "Kama mwalimu ameshausoma," alisema, "mie nani niusome?"

*

Viti vikaja, vyeupe, vyenye mashuka. Rejesho la kwanza likalipwa, la pili, la tatu, la nne, kila tarehe tano, bila kuchelewa hata siku moja. Bi Mwanakombo alilipa kama anavyoswali.

Kisha ukaingia mwezi wa Shaabani.

Asiyekaa pwani haelewi Shaabani. Ramadhani hakuna harusi, hakuna ngoma, hakuna anayekodi hata kigoda. Kwa hiyo kila mwenye mchumba huharakisha kabla ya mwezi kuandama, na kila mwenye sufuria huipeleka kwenye kuvunja jungu, karamu za mwisho kabla ya mfungo. Wiki zile viti vya Bi Mwanakombo havikulala nyumbani. Vilitoka Bunju vikaenda Goba, vikatoka Goba vikaenda Mbweni vikiwa bado na wali kwenye mashuka. Pesa ikaingia kama haitakwisha.

Na Bi Mwanakombo, ambaye aliufahamu mwezi wa Ramadhani kuliko benki ilivyoufahamu, akafanya ambalo mama yake angelifanya. Mtu wa biashara ya shughuli huweka akiba Shaabani, anakula Ramadhani. Akaja kibandani na mfuko wa rambo.

"Mwalimu, nataka nilipe hili la mwezi huu, na la Ramadhani, na ya miezi miwili inayofuata, la mfungo mosi na la mfungo pili. Yote manne mara moja. Halafu nipumzike, nifunge kwa raha. Inawezekana?"

Mwalimu alikuwa anapanga picha za pasipoti za mtu aliyefumba macho. Hakuinua kichwa. "Bibi, deni ukililipa mapema nani atalalamika? Mkataba wenyewe si unasema wanapokea?"

"Kwa hiyo mpaka mfungo pili unaisha sidaiwi?"

"Ukishalipa, umelipa."

Akaenda Mwenge, akapanga foleni, akatoa milioni tano laki nne na arobaini. Mhudumu wa dirishani alizihesabu kwa mashine, akagonga muhuri, akampa stakabadhi mbili: moja ya rejesho la tano, nyingine ya milioni nne na elfu themanini iliyoandikwa "malipo ya ziada." Bibi aliuliza kama sasa yuko huru kwa miezi mitatu. Mhudumu, aliyekuwa na watu arobaini nyuma yake, alimwambia asante kwa kuchagua benki yetu.

Ramadhani ikaingia. Tarehe tano ikapita. Tarehe saba simu ikaita mlio wa ujumbe: rejesho lako la sita halijapokelewa, tafadhali lipa kuepuka faini.

Aliupeleka ujumbe kibandani, swaumu ikiwa imemkausha midomo. Mwalimu aliusoma kwa mkono ulionyooshwa mbali.

"Huu ni mtambo, bibi. Unatuma wenyewe. Mtambo haujui kama umelipa, haujui hata kama ni Ramadhani. Upuuze."

"Nisiende kuwauliza?"

"Na jua hili, na swaumu? Kwa ajili ya mtambo?"

Zikaja jumbe nyingine, zikachanganyika na zile za bahati nasibu na za mtu anayetaka umtumie ile pesa kwa namba hii. Akapiga simu kijana mmoja wa benki, bibi akamjibu kwa upole kwamba ameshalipa hadi mfungo pili, na kijana akamjibu kwamba hajui mfungo pili ni tarehe ngapi. Wakaachana hivyo. Idi ikaja, harusi zikarudi, na pesa ya mfungo mosi na mfungo pili Bi Mwanakombo akainunulia jenereta na kuwekeza kwenye paa lililokuwa linavuja juu ya chumba cha Suleiman. Alikuwa amelipa. Pesa ile ilikuwa yake.

*

Notisi ililetwa na kijana wa pikipiki, akaomba asainiwe kitabu chake. Siku sitini, ilisema, deni lilipwe au nyumba ipigwe mnada.

Walikwenda Mwenge pamoja tarehe tano asubuhi, bibi na mwalimu, ambaye alikuwa amevaa tai. Alinuia kuwanyoosha. Njiani alikuwa ameshatunga sentensi tatu za Kiingereza zenye uzito wa mawe.

Afisa mikopo aliitwa Brightson, kijana mwenye sura ya mtu aliyezoea kuchukiwa. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwanakombo. Akazitandaza stakabadhi zote mezani, zikiwa zimenyooka kama zilipigwa pasi. "Mie nimelipa mara nane. Mie si mtu wa kudaiwa. Angalia."

Brightson aliangalia. Akabofya kompyuta, akaangalia tena. "Ni kweli mama, umelipa marejesho manane. Milioni kumi, laki nane na themanini."

"Na hii ni miezi mingapi?"

"Leo linaiva la tisa."

"Basi nadaiwa la leo tu. Nimekuja nalo." Akagusa mkoba.

Kijana alivuta pumzi. Akageuza kioo cha kompyuta ili waone: mistari kumi na miwili, mitano ya juu ikiwa ya kijani, mitatu ya chini ikiwa ya kijani, na katikati minne, mitatu ikiwa myekundu. Mwalimu Kornelio aliitazama ile mistari, na kabla kijana hajasema neno, akaisikia tena tafsiri yake mwenyewe. Kinyume cha ukomavu wake. Rejesho huiva siku yake ya kulipwa. La kwanza huiva kwanza, la mwisho huiva mwisho. Kinyume chake ni kuanzia nyuma.

"Ile ya ziada mama haikwenda mbele yako," alisema Brightson. "Ilikwenda mwisho. Ililipa la kumi na mbili, la kumi na moja, na la kumi. Hivyo ndivyo mfumo unavyofanya, ipo kwenye mkataba, kifungu cha kumi na nne. Ukilipa zaidi, mkopo unakuwa mfupi, unamaliza mapema. Lakini mwezi unaofuata unadaiwa kama kawaida. Ulipopumzika, la sita halikulipwa, la saba, la nane. Siku tisini zikipita bila rejesho, akaunti inahesabiwa imeshindwa, inakwenda idara ya ukusanyaji. Si mimi mama."

"Lakini pesa mnayo," alisema Bi Mwanakombo polepole. "Imo humo ndani."

"Imo."

"Basi itoeni huko mwisho muilete hapa katikati."

"Mfumo haurudi nyuma."

"Mwanangu, mie nikilipwa viti vya Jumamosi tatu mbele, siwezi kumwambia mteja zile pesa nimezihesabu kwa ajili ya kiyama chake."

Brightson hakucheka. Akasoma: marejesho matatu yaliyochelewa, milioni nne na elfu themanini. Faini ni asilimia tano ya rejesho kwa kila mwezi wa kuchelewa, elfu sitini na nane. La sita limechelewa miezi mitatu, la saba miwili, la nane mmoja, jumla laki nne na elfu nane. Rejesho la leo, milioni moja laki tatu na sitini. Kufunga mkopo wote, milioni tano, laki nane na arobaini na nane elfu.

"Naomba nisome hicho kifungu," alisema mwalimu. Hakuwa na haja ya kukisoma.

Brightson alimpa faili. Nyuma kabisa ilikuwepo sahihi ndefu yenye mkia: nimemsomea na kumfafanulia mkopaji kila kifungu, naye ameelewa. Kijana aliiona, akaona tai, akaelewa, akainamisha macho kwenye kibodi. Alikuwa na adabu. Afadhali angemtukana.

"Mwalimu," alisema Bi Mwanakombo, "anachosema kipo kweli?"

"Kipo."

"Ulinisomea?"

"Nilikusomea."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na bei. Akaanza kuzikusanya stakabadhi zake, moja moja.

Waliomba wapangiwe upya marejesho, Brightson akaandika maombi mbele yao na kuyatuma makao makuu. Rejesho la siku ile hakulipokea. Akaunti ikishakwenda ukusanyaji, alisema, kila kinacholipwa kinaanza na faini, afadhali mama alishike hadi jibu lirudi. Jibu lilirudi baada ya wiki moja, mstari mmoja: maombi hayajakubaliwa.

*

Kikao cha familia kilikaa ukumbini, chini ya paa jipya ambalo halikuvuja. Mwalimu aliombwa aeleze, na akaeleza. Hii ndiyo ilikuwa adhabu yake rasmi: kusimama mbele ya watu na karatasi, kama alivyosimama maisha yake yote, na kufundisha vizuri. Safari hii hakutumia neno lolote la kisheria. Alichora masanduku kumi na mawili, akapaka matano ya mwanzo na matatu ya mwisho. Watoto wa Suleiman walielewa. Bibi kizee mmoja aliyekuwa akisinzia alielewa.

"Kumbe ni rahisi hivyo," alisema Suleiman.

"Ni rahisi."

"Ulishindwaje kusema hivyo siku ile?"

Mwalimu alitafuta jibu, akakuta lililopo ni la kweli. "Sikuelewa. Nilitafsiri nisichokielewa, na kilisikika vizuri. Na aliponiuliza kuhusu Ramadhani sikufungua mkataba. Kosa ni langu."

"Kosa lako tunalijua," alisema Suleiman, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mie nauliza lina bei gani. Una milioni tano?"

Hakuwa nazo. Hakuna aliyekuwa nazo. Rejesho la tisa ambalo Bi Mwanakombo alikuwa nalo mkobani lilikuwa limeshaliwa na jenereta iliyotengenezwa mara mbili, na matibabu ya mjukuu aliyelazwa. Kikoba kilikopesha mwisho mara tatu ya hisa, nacho kwake kingefika laki tisa, na mwenyekiti alikuwa ameshasikia habari za notisi. Viti vyenyewe vilikuwa vimeandikwa kwenye mkataba uleule, hakuruhusiwa kuuza hata kimoja. Benki nyingine waliyoijaribu ililiingiza jina lake kwenye kompyuta na kurudisha kitambulisho chake mezani kwa vidole viwili: alikuwa ameshasomeka huko kuwa mdaiwa sugu. Yeye, ambaye alikuwa amelipa kabla ya wakati. Na Muharam ilikuwa inaingia, mwezi ambao wazee wa pwani hawaozeshi.

Wadogo zake walianza kusema maneno ambayo watu huyasema kwa upole wakiwa wameshayapanga chumba cha pili. Mnada utaitupa nyumba. Kuliko dalali wa benki aje na kipaza sauti, bora wauze wenyewe, wailipe benki, kinachobaki wagawane mafungu matano. Bi Mwanakombo aliwasikiliza. Fungu moja kati ya matano halinunui kiwanja Boko. Linanunua labda huko mbele ya Kerege, kusiko na harusi.

"Nipeni mpaka mwisho wa notisi," alisema.

*

Mwalimu Kornelio aliuza mashine ya kulamineti na kompyuta aliyotafsiria, akaongeza na akiba ya pesa za dawa zake. Ikawa laki saba. Alizipeleka kwa Bi Mwanakombo zikiwa kwenye bahasha ya kaki na hotuba ya kurasa mbili kichwani, lakini bibi alifungua bahasha kabla hajaanza, kwa hiyo hotuba ikafa.

"Zipo ngapi?"

"Laki saba."

Alikaa nazo mkononi. Mwalimu alidhani atazikataa, na kwa aibu kubwa alitamani azikatae. "Twende tukalipe," alisema bibi. "Labda wakiona tunajitahidi."

Mwenge palikuwa na foleni. Mhudumu akazihesabu kwa mashine, akagonga muhuri, akachapa stakabadhi, akaisukuma chini ya kioo. Bi Mwanakombo akaichukua na, kwa mazoea ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuyazuia, akampa mwalimu asome.

Aliisoma kimya mara mbili. Kisha akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu tangu siku ya kikao alikuwa ameapa kutoruka tena kitu asichokielewa.

"Wanaanza na faini. Laki nne na elfu nane, imekwenda yote kwenye faini. Imebaki laki mbili na elfu tisini na mbili. Baada ya faini wanachukua riba ya rejesho lililochelewa zaidi, la sita. Riba yake ni laki tatu na sitini. Imeingia humo."

"Imetosha?"

"Haijatosha. Riba ya la sita bado inadai elfu sitini na nane."

"Na mtaji?"

"Mtaji haujaguswa."

"Hata shilingi?"

"Hata shilingi, bibi. Zimebaki milioni tano, laki moja na arobaini na nane elfu. Na faini mpya inaanza kuhesabiwa juu ya yaliyochelewa."

Nyuma yao mtu alikohoa, akitaka wasogee. Wakasogea. Brightson alipita na faili kwapani, akaamkia, wakaitikia, akaenda zake.

"Umenieleza vizuri," alisema Bi Mwanakombo. "Leo nimeelewa kila kitu."

Mwalimu aliikunja ile stakabadhi mara nne. Alikuwa ametamani sifa hiyo maisha yake yote.

Nje, kwenye ngazi za benki, bibi alitoa simu, akaiweka mbali na macho ili aione, akatafuta namba ya dalali wa nyumba wa Boko, yule ambaye kwa wiki mbili alikuwa akipita mbele ya geti lake polepole kuliko ilivyo lazima. Alimsalimu, akamuulizia watoto. Kisha akataja bei.

Dalali alitaja yake. Mwalimu hakuisikia, lakini aliona bega la bibi lilivyoshuka.

"Hiyo ni nusu, baba," alisema.

Simu ikaongea kwa muda.

"Najua kwamba unajua kuhusu notisi. Boko nzima inajua." Akasikiliza tena, jua likimpiga usoni, na hakulikwepa. "Haya. Mlete huyo mnunuzi kesho asubuhi, mapema, kabla wadogo zangu hawajaamka wakaisikia hiyo bei. Atakuta nimeshafagia."